Picha ya kidonda ina mipaka yake

SWALI: Mama yangu ana kisukari na amepata kidonda unyayoni, chini ya kidole gumba. Kliniki iko mbali, kwa hiyo nikifungua bandeji humtumia muuguzi picha kwa WhatsApp. Kila mara ananirudishia maswali. Kwani picha haijitoshelezi?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Picha humwonyesha muuguzi rangi za kidonda, na kila rangi ni aina ya tishu. Nyekundu yenye chembechembe ni nyama mpya inayoota. Waridi pembeni ni ngozi mpya inayoanza kufunika. Utando wa njano ulioganda ni tishu iliyokufa, na nyeusi pia ni tishu iliyokufa, mara nyingi kavu. Yeye huzikadiria kwa mafungu. Tuseme kidonda cha mama kina sentimita 3 kwa 2. Ataandika nyekundu asilimia 60, njano 30, nyeusi 10. Wiki ijayo njano ikifika 50, atajua kinarudi nyuma hata kama ukubwa haujabadilika. Ndiyo maana anataka uweke rula kando ya kidonda na upige picha kwa mwanga wa mchana, kamera ikielekea kidonda moja kwa moja.

Utando huo wa njano wengi huuita usaha. Ukipitisha shashi yenye maji safi, usaha hufutika, utando hung'ang'ania. Usiubandue, wala usiguse ile sehemu nyeusi.

Majimaji ya kidonda ndiyo yanayopotea kwenye picha, kwa sababu unapiga ukishasafisha. Basi ipige picha na bandeji uliyoitoa, kisha umwandikie ilikaa kwa muda gani, imelowa kiasi gani, na majimaji yake ni mepesi kama maji, yana damu, au ni mazito ya kijani. Harufu ieleze baada ya kusafisha, kwani bandeji iliyokaa hunuka hata pasipo maambukizi.

Maambukizi yenyewe hutafutwa zaidi kwa mkono. Gusa kuzunguka kidonda kwa mgongo wa kiganja, kisha gusa mahali palepale kwenye mguu wa pili. Je, kuna joto, uvimbe, ugumu? Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kuonekana kama weusi uliokolea au zambarau, na kamera huuficha, kwa hiyo linganisha miguu yote miwili. Usingoje mama alalamike maumivu: kisukari huweza kuua hisia za unyayo.

Mabadiliko hayo ya rangi yakienea sentimita 2 au zaidi kutoka ukingoni, usaha ukitoka, mfupa ukionekana, kidole kikianza kuwa cheusi, au mama akipata homa ama sukari ikipanda ghafla, acha kutuma picha. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.