Wasifu Mmoja, Miundo Miwili: Namna ya Kulinganisha Picha za Skrini Kabla ya Kulipa

Mtafuta kazi anapomwendea mtayarishaji wa wasifu wa kazi, mara nyingi hutumiwa picha mbili za skrini kwenye simu na kuambiwa achague mmojawapo, alipe, ndipo atumiwe waraka wenyewe. Picha ya skrini ni taswira tu ya waraka unavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta au simu. Haihaririki, wala haioneshi kila kitu. Hata hivyo, mtumiaji ajuaye la kutazama anaweza kuupima muundo kabla fedha haijamtoka mkononi. Somo hili linalinganisha picha mbili kwa vigezo vitatu: wepesi wa kupitia kwa macho, matumizi ya nafasi, na mpangilio wa sehemu.

Mfano wetu ni wa kubuni. Mtunza ghala mwenye uzoefu wa miaka 6, aliyefanya kazi kwa waajiri wawili, anaomba nafasi ya msimamizi wa ghala. Maelezo yake ni yale yale katika picha zote mbili. Kilichobadilika ni muundo tu.

Picha hizo mbili

Picha ya Kwanza ina safu mbili. Upande wa kushoto upo ukanda wa buluu uliochukua theluthi moja ya upana wa ukurasa. Ndani yake mna picha ya mwombaji, namba ya simu, lugha, mambo ayapendayo, na ujuzi uliooneshwa kwa nukta tano tano. Upande wa kulia kuna maelezo ya kazi na elimu, na tarehe zimeandikwa kwa rangi ya kijivu hafifu.

Picha ya Pili ina safu moja, maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe. Baada ya jina linafuata jedwali la taarifa binafsi: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa na mengineyo. Kisha huja elimu kuanzia shule ya msingi, halafu uzoefu wa kazi, na mwisho wadhamini.

Kabla ya kulinganisha, hakikisha kila picha inaonesha ukurasa mzima. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Picha inayoonesha nusu ya juu pekee huyafanya maandishi yaonekane makubwa na yenye nafasi kuliko yalivyo. Omba kurasa zote, kisha uziweke picha bega kwa bega kwa upana ulio sawa.

Wepesi wa kupitia kwa macho

Anayepokea maombi mengi hasomi kila neno mara ya kwanza. Macho yake huteremka ukingoni mwa kushoto yakitafuta cheo, mwajiri na tarehe. Mwoneshe picha mtu asiyekujua kwa sekunde 10, uifiche, kisha umuulize maswali matatu: mwombaji huyu anafanya kazi gani? Kazi yake ya mwisho aliifanyia wapi? Aliifanya kuanzia lini hadi lini?

Katika Picha ya Kwanza, ukingo wa kushoto una sura na nukta. Vyeo vya kazi vimeanzia katikati ya ukurasa, na tarehe za kijivu huonekana kwa shida. Zikichapwa kwa mashine ya wino mweusi pekee huweza kufifia zaidi. Mtazamaji ataikumbuka sura, lakini huenda asiikumbuke kazi. Katika Picha ya Pili, vyeo vimeandikwa kwa herufi nzito kwenye ukingo wa kushoto, na tarehe zimesimama katika mstari mmoja wima. Ila kazi yenyewe iko chini mno, hivyo sekunde 10 zinaweza kwisha kabla jicho halijaifikia.

Matumizi ya nafasi

Ukanda wa buluu umechukua milimita 70. Zikiondolewa pambizo, safu ya kazi inabaki na milimita 120 hivi. Katika Picha ya Pili, yenye pambizo za milimita 25 kila upande, mstari una milimita 160. Sentensi kama "Nilipokea mizigo, nikahakiki hati na kuhesabu bidhaa kila mwisho wa mwezi" hutosha katika mstari mmoja wa Picha ya Pili, lakini katika Picha ya Kwanza hukatika na kuingia mstari wa pili. Sentensi kumi za namna hiyo husukuma sehemu ya elimu hadi ukurasa wa pili, huku nusu ya chini ya ukanda wa buluu ikiwa haina neno hata moja.

Usidhani basi kwamba nafasi tupu ni hasara. Nafasi kati ya kazi moja na nyingine humwonesha msomaji mahali inapoishia moja na inapoanzia nyingine. Hasara ni nafasi iliyotolewa kwa jambo lisilomsaidia mwajiri kuamua. Kwa kipimo hicho, Picha ya Pili nayo ina kosa: jedwali la taarifa binafsi limemeza robo ya ukurasa wa kwanza. Dini na hali ya ndoa hazielezi kama mtu aweza kusimamia ghala.

Mpangilio wa sehemu

Picha ya Kwanza ina mianzo miwili, kushoto na kulia, na msomaji hajui aanzie wapi. Nukta nne kati ya tano mbele ya neno "kompyuta" hazisemi mwombaji anaweza kufanya nini. Picha ya Pili ina njia moja kutoka juu hadi chini, ila imeanza na shule ya msingi ya mtu mwenye uzoefu wa miaka 6. Kwa mwombaji huyu, utaratibu unaofaa ni jina na mawasiliano, muhtasari wa mistari mitatu, uzoefu wa kazi kuanzia ya karibuni, elimu kuanzia ya juu, ujuzi, kisha wadhamini. Aliyehitimu karibuni na hajaajiriwa bado anaweza kutanguliza elimu.

Uamuzi, na kile ambacho picha haioneshi

Mwombaji wetu achague Picha ya Pili, kwa sharti kwamba jedwali lipunguzwe na uzoefu upandishwe juu. Marekebisho hayo ni ya kuhamisha sehemu tu. Kuirekebisha Picha ya Kwanza kungehitaji kuvunja safu zake, yaani kuanza upya.

Lakini asilipe kabla ya kipimo cha mwisho. Baadhi ya waajiri hupokea maombi kupitia programu inayosoma maandishi ya waraka, na programu hiyo haioni rangi wala ukanda. Omba ufunguliwe faili ya PDF kwenye kompyuta ya mtoa huduma. Bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+C, ubandike kwa Ctrl+V kwenye Notepad. Maneno yakitoka kwa utaratibu uleule, waraka unasomeka. Namba ya simu ikijitokeza katikati ya maelezo ya kazi, safu zimechanganyika. Na kisipotoka kitu chochote, ulichooneshwa ni picha iliyovishwa jina la waraka.

Mwisho, kubalianeni kwa maandishi kwamba pamoja na PDF utapewa faili inayoharirika. Bila hiyo, siku utakapobadili namba ya simu utalazimika kulipia tena kazi uliyokwisha kuilipia.