Video ya Sekunde 60 ya Kuomba Kazi: Useme Nini Kuhusu Vifaa Ulivyotumia

Baadhi ya waajiri sasa huomba video fupi ya kujitambulisha pamoja na barua ya maombi. Sekunde 60 zinatosha maneno kama 100 ya Kiswahili yakisemwa bila haraka. Wengi huzimaliza wakitaja vifaa tu: "Ninajua laktomita, mizani na kompyuta." Mwajiri hawezi kujua kama umevitumia au umeviona tu. Kifaa kitajwe pamoja na kazi ulioifanya nacho na uamuzi uliofikia.

Tuchukue mwombaji wa kazi ya karani wa kupokea maziwa katika chama cha ushirika. Anaweza kusema hivi:

"Jina langu ni (jina). Naishi (mahali) na ninaomba kazi ya karani wa maziwa. Kwa miaka 2 nimepokea maziwa ya wakulima wapatao 60 katika kituo chetu. Kila asubuhi napima maziwa kwa laktomita. Ikisoma chini ya 28, napima joto kwanza kabla ya kumshuku mkulima kuwa ametia maji, maana maziwa yenye joto hushusha kipimo. Nikishuku yamechacha, napima kwa alkoholi. Yakiganda siyapokei, na namweleza mwenyewe sababu. Kilo naziandika daftarini, jioni naziingiza kwenye Excel na kulinganisha jumla na maziwa yaliyo kwenye tangi. Mashine ya kupima mafuta nimefunzwa, ila sijaitumia peke yangu. Naweza kuanza wiki ijayo."

Sentensi ya joto ndiyo yenye uzito zaidi. Aliyesoma tu kuhusu laktomita atajua kwamba maji hushusha kipimo. Aliyeitumia anajua pia kwamba maziwa yaliyotoka kukamuliwa yanaweza kumdanganya, na mkulima akanyimwa malipo bila kosa. Ukiwa fundi umeme au mshonaji, tafuta jambo la namna hiyo katika kazi yako.

Ile ya mashine ya mafuta isiogopwe. Ukidai umeizoea, utaulizwa kwenye mahojiano namna ya kuisoma, na jibu la kubabaisha litatia shaka hata yale ya kweli.

Soma maandishi yako kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Yakipita sekunde 55, punguza sentensi nzima badala ya kuongeza kasi. Usiyasome mbele ya kamera, kwani macho yanayotembea huonekana; kariri mpangilio tu. Simama ukitazama dirisha, usilipe mgongo, la sivyo uso utakuwa mweusi. Kama bando ni dogo, weka kamera kwenye 720p kabla ya kurekodi. Nambari ya kitambulisho usiitaje kwenye video; ikihitajika, itaandikwa kwenye fomu.