Kurekodi Mihadhara: Sauti Ibanwe Lini, Iachwe Nzima Lini?

Mwaka jana nilipewa kazi ya kurekodi kozi ya metafizikia ya padre mmoja mzee, aliyekuwa anaifundisha kwa mara ya mwisho kabla ya kustaafu. Vipindi vilikuwa 30, kila kimoja saa nzima. Kinasa sauti chetu kilikuwa na nafasi ya gigabaiti 4, nami nikaogopa kwamba kingejaa katikati ya muhula. Nikafungua mipangilio ya ubora, nikachagua ule wa chini kabisa, ulioandikwa LP. Hakuna kipindi hata kimoja kilichopotea. Taabu ilianza baadaye, mimi na frateri mwenzangu tulipokaa kuyaandika mafundisho yale yawe kitini cha darasa linalofuata.

Katika kipindi cha saba padre anasema kwamba binadamu huuelewa ulimwengu kwa msaada wa kitu fulani, na neno lenyewe ni ama dhana ama zana. Sentensi inayakubali yote mawili. Mwenzangu aliandika zana, mimi niliandika dhana, tukarudia kusikiliza mara kumi bila kuafikiana. Mahali pengine tulisikia samani ya mtu, tukacheka, maana ilikuwa wazi kwamba ni thamani. Lakini si kila sentensi inajieleza namna hiyo.

Kosa halikuwa la padre. Yeye hutamka vizuri. Kinasa sauti hakihifadhi sauti kwa mfululizo, bali huipima mara nyingi kila sekunde. Kanuni yake ni kwamba kinaweza kunasa mitetemo isiyozidi nusu ya idadi ya vipimo hivyo. Katika LP ya kinasa chetu vipimo ni 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilicho juu ya mitetemo 4,000 hakikuingia kabisa. Irabu zinakaa zaidi chini ya hapo, ndiyo maana unamtambua msemaji na unadhani kila kitu ni salama. Ila mvumo mkali wa z na s uko kwa wingi juu ya 4,000, wakati dh, th na f ni dhaifu huko. Ukiikata sehemu hiyo, umeondoa sehemu kubwa ya kinachozitenganisha herufi hizo. Simu za kawaida zina mpaka unaofanana na huo, ndiyo sababu mtu akitaja jina kwenye simu huambiwa, "F ya Fatuma au S ya Sara?"

Je, ningerekodi kwa ubora wa juu kabisa? Hapa inafaa kuzijua aina tatu za faili. WAV huandika vipimo vyote jinsi vilivyo. FLAC ni kama hati mkato: inachukua nafasi ndogo, lakini ukiifungua unapata kila neno kama lilivyosemwa, bila kupungua hata moja. MP3 ni kama muhtasari wa mwanafunzi. Inaacha vile ambavyo sikio halitavikosa, kwa mfano sauti hafifu iliyofunikwa na sauti kubwa iliyo karibu nayo. Muhtasari mzuri unatosha kwa mtihani, lakini huwezi kuutumia kurudisha maneno ya mwalimu. Ndiyo maana kuigeuza MP3 kuwa WAV hakusaidii. Faili linanenepa, na kilichotupwa kinabaki kimetupwa. Wanafalsafa husema kutoka utupu hakitoki kitu.

Sasa tuipigie hesabu kozi ile. WAV ya mono yenye vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja biti 16, inakula karibu megabaiti 318 kwa saa. Ukiweka stirio unafika 635, na kwa msemaji mmoja mbele ya kipaza sauti kimoja hiyo ni kuhifadhi kitu kilekile mara mbili. Vipindi vyote 30 kwa mono ni gigabaiti 9.5, kweli havingeingia kwenye kinasa kwa pamoja. Lakini vipindi vya wiki moja vilikuwa viwili tu, yaani megabaiti 635. Ningeweza kuvihamishia kwenye kompyuta kila Ijumaa. Hata kama ningekuwa mvivu nikachagua MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde, ni megabaiti 29 kwa saa, na kozi nzima ingechukua megabaiti 864. LP niliyoichagua ilitumia kilobiti 8 tu kwa sekunde, kozi yote megabaiti 108. Nafasi yote iliyobaki ilikaa bure. Nilibana mahali ambapo hapakuwa na dhiki.

Kwa kusikiliza tu, MP3 ile ya kilobiti 64 inatosha mhadhara, na sioni haja ya mtu kubishana sana juu yake. Tofauti hutokea unapotaka kuifanyia sauti kazi. Mwanafunzi wa nyuma ameuliza swali kwa sauti ya chini, unataka kulipandisha. Feni inavuma, unataka kuipunguza. Hapo unavuta juu zile sauti hafifu ambazo MP3 ilizipunguza au kuzitupa, nawe utasikia kitu kama maji yanayochemka nyuma ya maneno. Kisha ukihifadhi tena kama MP3, umeandika muhtasari wa muhtasari.

Kwa hiyo siku hizi narekodi kwa WAV ya mono, narekebisha sauti kwenye kompyuta, halafu naandika mafaili mawili kutoka WAV hiyohiyo. Moja ni FLAC ya kutunza, ambayo kwa mazungumzo huwa karibu nusu ya WAV. Jingine ni MP3 ya kuwagawia wenzangu kwenye simu.

```
ffmpeg -i somo.wav somo.flac
ffmpeg -i somo.wav -ac 1 -b:a 64k somo.mp3
flac -t somo.flac
```

Mstari wa tatu hukagua kama FLAC imesalimika, kwa sababu faili lenyewe hubeba alama ya uhakiki ya sauti ya awali. Sifuti WAV kabla ya kuona jibu lake, na kabla ya nakala ya FLAC kukaa kwenye diski ya pili.

Ukipewa WAV na mtu mwingine, usiamini jina lake. Ifungue katika Audacity, uiangalie kwa mwonekano wa Spectrogram. Kama kila kitu kinakatika ghafla kwenye mstari wa 4,000 na juu yake ni giza tupu, ujue faili hilo limepitia mahali kama LP yangu, hata kama ukubwa wake ni megabaiti 300.

Kuna jambo WAV haliponyi. Kinasa kikiwekwa kwenye dirisha, mita nne kutoka kwa mwalimu, kitanasa mwangwi wa ukuta kwa uaminifu mkubwa. Ningependa MP3 iliyorekodiwa sentimita 30 kutoka mdomoni kuliko WAV ya dirishani.

Kuhusu lile neno, mwishowe tulimpigia simu padre. Akajibu mara moja, nami sikusikia kama ni dhana au zana, mpaka nikamwomba, "Baba, samahani, naomba herufi zake." Ilikuwa dhana. Kwa maneno mengine tuliyomuuliza alisema hakumbuki, na kitini kimechapwa kikiwa na alama za kuuliza sehemu hizo.