Mtoto Aotapo Meno na Kuuma Ziwa

Meno ya kwanza ya mtoto huota, kwa kawaida, afikapo umri wa miezi 6 hivi, ingawa wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa hadi kukaribia mwaka au kuupita. Mara nyingi hutangulia meno mawili ya mbele ya chini. Wakati huo baadhi ya akina mama huumwa wanyonyeshapo, na wengine hukata shauri kumwachisha mtoto wakidhani kwamba meno na kunyonya haviwezi kukaa pamoja. Dhana hiyo si sahihi, na sababu yake imo katika umbile la kinywa.

Mtoto anyonyapo vizuri, chuchu huingia ndani sana, karibu na mahali kaakaa gumu linapokutana na kaakaa laini. Ulimi wake hutokeza mbele na kuyafunika meno ya chini, ukawa kama mto baina ya meno hayo na ziwa. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili mwenyewe: autoe ulimi kidogo hadi uyafunike meno ya chini, kisha ajaribu kuuma polepole. Atakayeumia kwanza ni ulimi wake. Kwa hiyo, ili mtoto aume, ni lazima kwanza aurudishe ulimi nyuma, na afanyapo hivyo huwa ameacha kunyonya.

Ndiyo maana kuuma hutokea zaidi mwishoni mwa kunyonya. Mwanzoni maziwa hutoka kwa wingi, na sauti ya kumeza husikika mfululizo. Yapunguapo, mapumziko huwa marefu, taya hukaza, na chuchu huteleza kuelekea mbele ya kinywa. Mtoto ambaye ufizi unamwasha hutafuta kitu cha kutafuna, na kilicho karibu ni chuchu.

Mfano ufuatao utalifafanua jambo hili. Mama mmoja wa Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, hulima mwani. Siku za bamvu hushuka baharini maji yakupwapo, akarejea mchana maziwa yamejaa. Mwanawe wa miezi 8 hunyonya kwa pupa, hushiba, kisha hubaki akichezea chuchu huku mama akizungumza na jirani. Ghafla anauma. Mama anapiga ukelele na kumvuta mtoto kwa nguvu. Matokeo ni mawili: meno yaliyokuwa bado yamebana yanaikwaruza chuchu, na mtoto anashtuka, analia, na tangu jioni hiyo analikataa ziwa. Hakujua kwamba ameumiza; alilojua ni kwamba mahali pa salama pametoa kishindo.

Ingefaa mama afanyeje? Kwanza, asimvute. Aingize kidole kidogo kilicho safi katika pembe ya kinywa, baina ya fizi, hadi taya ziachane, ndipo atoe chuchu. Pili, aseme kwa sauti ya chini na thabiti, "Usiume, mwanangu," kisha amalize kunyonyesha kwa wakati huo na kumpa mtoto kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi atafune. Tatu, siku zifuatazo amwangalie mtoto badala ya kuangalia pembeni: kumeza kukomapo na taya zikianza kukaza, amtoe kabla ya kuumwa.

Mgomo wa namna hii huchukua siku chache kwa kawaida. Haufanani na kuacha ziwa, ambako huja polepole. Mama asimlazimishe. Akamue maziwa kila wakati mtoto ambapo angenyonya, ili yasipungue na ziwa lisivimbe, na amnyweshe kwa kikombe safi. Ziwa alirudishe mtoto akiwa na usingizi, mahali palipo kimya, ngozi kwa ngozi. Utulivu humfaa mama pia, kwa kuwa maumivu na hofu huzuia homoni ya oksitosini inayosukuma maziwa kutoka.

Jeraha dogo hupona lenyewe likiachwa safi. Lakini ziwa likiwa jekundu, la moto na lenye maumivu, pamoja na homa, mama aende kituo cha afya. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi asinyonyeshe kwa upande unaotoka damu mpaka upone. Akamue upande huo na kumwaga maziwa yake, anyonyeshe kwa upande mzima, aendelee na dawa zake, na amwone mhudumu wake wa afya.

Maswali

1. Eleza kwa nini mtoto hawezi kuuma na kunyonya kwa wakati mmoja.

2. Mtoto wa miezi 8 amekataa ziwa ghafla tangu jana. Taja dalili zitakazoonyesha kwamba huo ni mgomo, wala si kuacha ziwa.