Mwaliko wa mteja mkubwa

Rasimu tuliyopewa darasani ilisema: "Mteja mpendwa, tunawaalika kwenye uzinduzi wa mashine yetu mpya, Lubumbashi, saa nane." Mteja mwenyewe ni mama mwenye mashine tatu za kusaga mahindi katika komini ya Kenya.

Ninaona rasimu hiyo inampotosha mara mbili. Lubumbashi ni mji mzima, tena ni jina la komini moja ndani yake. Na "saa nane", kwa aliyezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa, inaweza kuwa asubuhi. (Angekuwa Kinshasa, ningeongeza "saa za Lubumbashi", kwani kwao saa iko nyuma kwa moja.) Zaidi ya hayo, "mteja mpendwa" ni mtu yeyote.

Niliiandika hivi:

"Mama mheshimiwa, mwezi wa tatu mlituambia kwamba umeme ukikatika, watu hubeba mahindi yao na kwenda kusaga kwingine. Mashine tunayozindua inaendeshwa pia kwa mazutu. Njooni na fundi wenu na ndoo ya mahindi, muijaribu kabla ya hotuba: Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nane mchana (14:00), dukani kwetu, komini ya Lubumbashi, nyuma ya Posta. Tutamaliza saa kumi. Mtujulishe kabla ya Jumatano, tuwawekee zamu."

"M-" hapa ni ya heshima, kama tunavyosema kwetu. Sababu nimeichukua katika maneno yake mwenyewe. Deni lake, au habari tulizosikia kwa jirani yake, nisingezigusa: angejiona anachunguzwa.