Dola Ikivuka Bei Yako: Jinsi Arifa Inavyofika Mara Moja Tu

Wateja wetu wengi Kakamega hupokea pesa kutoka kwa jamaa walio ng'ambo. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Februari serikali ikauza hati mpya ya mkopo ya dola bilioni 1.5 na kulipa mapema sehemu kubwa ya deni lililokuwa linaiva Juni. Hofu ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 132. Kwa mzazi wa Lurambi anayetumiwa dola 300 za karo, tofauti hiyo ni shilingi 8,400.

Wakati kama huo arifa ya bei inasaidia. Unachagua kiwango, tuseme 150, na simu inalia dola ikishuka chini yake ili umwambie anayekutumia asingoje zaidi. Lakini arifa iliyotengenezwa vibaya hutuma meseji hadi unaizima, halafu siku bei inapoporomoka kweli huna habari. Hebu tuone inavyotakiwa kufanya kazi.

Tuchukue mfano

Mfumo unasoma bei kila saa, na unapata hizi:

150.60, 150.20, 149.90, 150.10, 149.80, 150.20, 149.60

Mfumo wa kwanza unauliza tu, "Je, bei iko chini ya 150?" Jibu likiwa ndiyo, unatuma. Hapa utapata meseji tatu, na bei ikibaki 149.60 usiku kucha, utapata nyingine kila saa.

Mfumo wa pili una kumbukumbu. Unaandika kama bei ilikuwa juu au chini mara ya mwisho, na unatuma tu inapotoka juu kwenda chini. Sasa usiku utalala. Hata hivyo, hesabu tena: bei imeshuka chini ya 150 mara tatu, kwenye 149.90, 149.80 na 149.60. Bado ni meseji tatu kwa jambo moja.

Dawa ni kutumia viwango viwili badala ya kimoja. Arifa inalia bei ikishuka chini ya 150, kisha inajifunga. Haifunguki mpaka bei ipande tena na kufika 151. Katika mfano wetu bei haikufika 151, kwa hiyo unapata meseji moja tu, ile ya 149.90. Kesho bei ikipanda hadi 151.20, arifa inafunguka kimyakimya. Ikishuka tena chini ya 150, simu italia, kwa sababu hilo ni jambo jipya.

Nafasi kati ya viwango iwe kiasi gani?

Angalia bei hupandashuka kiasi gani kwa siku ya kawaida, kisha weka nafasi kubwa kidogo kuliko hapo. Kwenye mfano wetu bei ilicheza kwa senti 20 hadi 60 kila saa, kwa hiyo shilingi moja inatosha. Ukiweka shilingi tano, bei inaweza kupanda hadi 153 na kuanguka tena bila wewe kuambiwa chochote. Soko likitulia, kama dola ilipokaa karibu 129 kwa muda mrefu baada ya katikati ya 2024, hata shilingi moja ni pana mno. Hapo senti 20 au 30 zinafaa.

Mambo matatu yanayoharibu arifa

Kwanza, ukiweka kiwango cha 150 wakati bei tayari ni 148, hakuna kilichovukwa. Mfumo mzuri unakuambia hapo hapo kwamba bei iko chini, kisha unangoja.

Pili, bei ikikosekana, mfumo mbovu husoma sifuri na kudhani dola imeanguka. Ukipata meseji yenye bei ya ajabu, linganisha na bei inayotangazwa na Benki Kuu ya Kenya kabla ya kumpigia mtu simu.

Tatu, arifa isijifunge kabla mtandao haujakubali kupokea meseji. Ikijifunga mapema na meseji ipotee, hutaambiwa tena mpaka bei ipande na kushuka upya.

Kumbuka pia kwamba bei ya arifa ni ya soko. Anayebadilisha pesa hukata faida yake, kwa hiyo arifa ikisema 149.90 unaweza kulipwa 147. Jua kwanza tofauti hiyo ni ngapi kwenye huduma unayotumia. Kama hutaki kupokea chini ya 150 mkononi na tofauti ni shilingi tatu, kiwango chako cha arifa kiwe juu kidogo ya 153.