Ploti ya kabla ya harusi: namna ya kuandikiana barua ya mali

Ploti uliyonunua ukiwa bado hujaoa au hujaolewa ni yako. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inasema hivyo. Lakini sheria hiyohiyo inaihesabu nyumba ambayo mume na mke wanaishi kuwa mali ya ndoa. Sasa mmoja akija na ploti yenye kuta, kisha wawili wakaezeka, wakapiga plasta na kuhamia, kanuni hizo mbili zinakutana juu ya ardhi moja, na kila mmoja ana ya kumtetea.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba ndoa ikivunjika, mali haigawanywi nusu kwa nusu kwa sababu tu watu walioana. Kila mmoja huonyesha alichochangia. Mchango si pesa peke yake: kupika, kulea watoto na kulima shamba la nyumbani vyote vinahesabiwa. Shida ni ushahidi. Aliyenunua saruji ana risiti, aliyelea mtoto hana. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinawaruhusu wachumba kulimaliza jambo hili mapema kwa kuandikiana makubaliano kabla ya ndoa.

Tuchukue wachumba wawili wa Nakuru, fundi wa umeme na mwalimu wa shule ya msingi. Fundi ana ploti aliyoinunua kwa shilingi 900,000 na ameijenga hadi kwenye linta kwa 600,000. Mwalimu yuko tayari kuchukua mkopo wa 800,000 kwenye sacco yake ili nyumba ikamilike. Barua yao iandikwe vipi?

Anzeni na orodha ya kila mmoja

Kila mmoja aandike peke yake alicho nacho na anachodaiwa, kisha mbadilishane karatasi. Kwenye mali wekeni ploti na namba ya hati, akiba ya sacco, hisa za chama, pikipiki, ng'ombe. Kwenye madeni wekeni mkopo wa HELB, mikopo ya simu, na lile ambalo wengi hulisahau: watu uliowadhamini. Ukimdhamini mwenzako wa sacco akashindwa kulipa, akiba yako ndiyo itakayoguswa, na hapo bajeti ya nyumba yenu itayumba kwa deni ambalo hamkulikopa. Andika kiasi ulichodhamini na tarehe ambayo mkopo huo unatarajiwa kuisha.

Ardhi ya ukoo iandikwe mbali na mali yako binafsi. Mali unayoishika kwa niaba ya ukoo kimila haiingii kwenye mali ya ndoa, kwa hiyo usimwahidi mwenzako sehemu yake.

Chagueni njia ya kupima mchango

Kwenye nyumba ya Nakuru kuna hesabu mbili, na zote ni za haki. Ya kwanza inatazama pesa iliyotoka mfukoni. Fundi ametoa 1,500,000 na mwalimu atatoa 800,000, jumla 2,300,000. Sehemu ya mwalimu inakuwa kama asilimia 35. Ya pili inatazama thamani ya leo. Tuseme mthamini amesema ploti na kuta zake sasa ni 2,200,000. Ukiongeza 800,000 za mwalimu unapata 3,000,000, na sehemu yake inashuka hadi kama asilimia 27.

Asilimia 8 hizo ndizo ugomvi wa baadaye, na zinatokana tu na kutochagua njia leo. Wachumba wetu wanachagua ya kwanza, kisha wanaongeza jambo la tatu: mkopo utakatwa kwenye mshahara wa mwalimu kwa miaka kadhaa, na katika miaka hiyo fundi ndiye atakayelisha nyumba. Basi wote wawili wanaulipa, mmoja kwa makato na mwingine kwa unga na mafuta ya kupikia. Wanaandika hivi:

"Ploti ilinunuliwa na fundi kabla ya ndoa. Nyumba inakamilishwa kwa mkopo wa mwalimu wa shilingi 800,000. Siku mkopo utakapoisha, ploti na nyumba vitakuwa vyetu sawa kwa sawa, na tutaandikisha hati kwa majina yote mawili. Ndoa ikivunjika kabla ya siku hiyo, sehemu ya mwalimu ni asilimia 35, na deni lililobaki tutalilipa nusu kwa nusu."

Angalia maneno ya mwisho, yale ya deni. Bila hayo, mwalimu angeweza kuondoka na asilimia 35 huku mshahara wake ukiendelea kukatwa deni lote.

Ndugu waandikwe kwa jina, kiasi na mwisho

"Tutasaidia wazazi" haipimiki. Andikeni nani, shilingi ngapi, kutoka mfuko wa nani, na hadi lini. Kwa mfano: "Mama mzazi wa mwalimu atapata shilingi 4,000 za dawa kila mwezi kutoka mshahara wa mwalimu. Mdogo wake fundi atalipiwa karo ya chuo cha ufundi na fundi hadi amalize kozi anayosoma sasa. Ombi lingine lolote la zaidi ya shilingi 5,000, iwe matanga, harambee au hospitali, tutazungumza kwanza kabla ya kutuma." Kiwango hicho cha 5,000 kinamwachia kila mmoja heshima ya kumtumia shangazi pesa kidogo bila kuomba ruhusa, na kinazuia ahadi kubwa kutolewa mbele ya kikao cha ukoo.

Kama mahari bado ina salio, andikeni nani anayelimaliza. Likitolewa kimyakimya kwenye akiba ya nyumba, mke anajikuta akijilipia mahari.

Kinachoiangusha barua

Mahakama inaweza kuyatupa makubaliano haya kwa sababu tatu: udanganyifu, shinikizo, au dhuluma iliyo wazi. Mali iliyofichwa kwenye orodha ni udanganyifu. Barua iliyoletwa usiku wa kuamkia harusi, wageni wakiwa njiani, inanuka shinikizo. Sentensi inayosema mmoja ataondoka mikono mitupu hata akilea watoto miaka ishirini inakaribisha hoja ya dhuluma. Kwa hiyo tieni sahihi miezi kadhaa kabla, kila mmoja akiwa na wakili wake, na ambatisheni zile orodha mbili. Matunzo ya watoto msiyaweke rehani: haki yao ya kutunzwa haiwezi kufutwa na sahihi ya wazazi. Na kama ninyi ni Waislamu, sheria hii inawaruhusu mambo ya mali yaongozwe na sheria ya Kiislamu, basi pitieni kwa kadhi au wakili anayeijua kabla ya kuandika.

Mkishamaliza rasimu, mpeni mtu mzima mmoja asiyejua mambo yenu aisome, kisha mwulizeni maswali mawili: ndoa ikivunjika na nyumba ikauzwa mwaka ujao, nani anapata nini? Na mwalimu akipoteza kazi mkopo ukiwa nusu, nani analipa? Akishindwa kujibu kwa kuitazama karatasi tu, sentensi inayohusika iandikeni upya kabla hamjaipeleka rasimu kwa wakili. Barua ya wachumba wetu ingejibu la kwanza. La pili hawajaligusa, na bado wana nafasi ya kuongeza mstari mmoja.